Barua kwa mjukuu: andika siku moja, usiandike enzi nzima

*"Nilizaliwa 1957 kijijini, mkoa wa Dodoma. Mjukuu wangu ana miaka 16, anasoma kidato cha tatu Dar es Salaam. Nataka kumwandikia barua ajue ujana wangu ulivyotofautiana na wake. Nimeandika kurasa sita, mama yake akazisoma akasema, 'Mama, haya ni mahubiri.' Kwa mfano niliandika: 'Sisi tulikuwa na heshima, tulikwenda shule pekupeku na hatukulalamika.' Miaka nayo inanichanganya. Mimi nasema tulihamia kijiji cha ujamaa 1974, kaka yangu anasema 1971. Ninachokumbuka ni kwamba tulihama baada ya mavuno, na habari za kuuawa kwa Karume tulizisikia kwenye redio ya mwalimu tukiwa tayari kijiji kipya. Nilimaliza darasa la saba 1973, sikuchaguliwa, na mwaka huohuo nikaozwa nikiwa na miaka 16, umri alio nao yeye sasa. Babu yake yuko hai. Nilitaje hilo au niliache? Na bei za wakati ule nizitaje?"*

Shikamoo Bibi.

Katika yote uliyoandika, neno zito umeliweka karibu na mwisho, tena kwa sauti ya chini: ulikuwa na miaka 16, umri alio nao yeye sasa. Hapo ndipo barua yako ilipo. Viatu, redio, taa ya kibatari na kisima vinaweza kuhesabiwa na mtu yeyote wa rika lako, na mjukuu wako ameshavisikia kwa walimu na kwa wajomba. Jambo ambalo hajalisikia ni kwamba ujana wako ulikatika katika umri ambao wa kwake ndio kwanza unachanua, na kwamba waliokata shauri hilo walikuwa watu wengine. Nadhani kurasa sita zimegeuka mahubiri kwa sababu hiyo. Mtu anapozunguka jambo ambalo hajaamua kulisema, mdomo hujaa maneno ya jumla.

Tuanze na sentensi yako moja, maana ikitengenezwa hiyo, nyingine zitajitengeneza. "Sisi tulikuwa na heshima, tulikwenda shule pekupeku na hatukulalamika." Kijana wa miaka 16 haisomi kama habari za mwaka 1972. Anaisoma kama habari zake mwenyewe: kwamba yeye hana heshima, ana viatu asivyostahili, na analalamika. Kila neno la sifa upande wako linakuwa neno la lawama upande wake, hata kama hukukusudia. Akishajiona anahukumiwa haendelei kusoma, anaanza kutafuta majibu ya kujitetea.

Halafu, Bibi, mimi siamini kwamba hamkulalamika. Watoto wote hulalamika. Ila mlilalamikiana ninyi kwa ninyi, au mlimlalamikia bibi yenu, si baba. Hilo lenyewe ni tofauti halisi, na lina utamu kuliko kusema hamkulalamika. Nikichukua uliyoyaandika, nikibuni kidogo kwa mfano, na kuacha nafasi mahali ambapo ni wewe tu unayejua, sentensi ile inaweza kuwa hivi:

"Mwaka 1972 nilikuwa darasa la sita na sikuwa na viatu. Juni na Julai ardhi ya kwetu huwa baridi sana alfajiri, kwa hiyo hatukutembea, tulikimbia, na tulipofika … tulisimama kupasha nyayo. Kilichotutesa zaidi ni miiba ya …. Tuliitoa kwa …. Siku moja nilimwambia … kwamba siendi tena shule. Alinijibu: …"

Hapo hakuna heshima iliyotajwa wala lawama, na bado yote yamo. Akiona ulikimbia kwa sababu ya baridi, atakuwa amekimbia nawe. Jaribio la kukagua barua nzima ni rahisi. Chukua kalamu ya rangi nyingine, upigie mstari kila mahali ulipoandika "enzi zetu", "siku hizi", "ninyi vijana" na "sisi tulikuwa". Kila mstari ujiulize: hapa ningekuwa na kamera, ingepiga picha ya nini? Kama hakuna picha, futa au tafuta picha yake.

Neno "heshima" lisipotee kabisa, kwa kuwa ndani yake kuna jambo ambalo vijana wa mjini hawalijui. Kijana wa Kigogo wa wakati wako hakumtii baba kwa sababu tu alifundishwa vizuri. Ili aoe alihitaji ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao walikuwa mikononi mwa baba, baba wadogo na wajomba. Aliyegombana nao aligombana na ndoa yake mwenyewe. Msichana naye, shamba alilolima na nyumba aliyolala vilipitia kwa baba au kwa mume. Heshima ilikuwa na miguu ya kusimamia: mali ilikuwa kwa wazee. Mjukuu wako anaweza kesho kuuza nguo kwa simu na kupata fedha ambazo baba yake hakuzigusa. Ukimweleza hivyo utakuwa umemweleza kwa nini mambo yamebadilika, bila kusema kizazi chake kimeharibika.

Kosa lingine lililo karibu sana na hilo ni la kuhesabu vitu mlivyokosa. "Hatukuwa na simu, hatukuwa na televisheni, hatukuwa na umeme." Hiyo ni hesabu ya kutoka upande wake. Mwaka 1972 hakuna msichana kijijini aliyeamka asubuhi akiona amekosa simu. Televisheni upande wa Bara ilikuja miaka ya 1990, na simu za mkononi nazo muongo huohuo. Huwezi kukosa kitu usichokijua. Andika mlichokifanya mahali ambapo yeye leo anatumia kile kitu.

Kwa mfano habari za msiba. Yeye hupata ujumbe, na baada ya dakika tano ukoo mzima umejua. Kwenu alitumwa kijana kwa miguu au kwa baiskeli, na kwa ndugu wa mbali ilipigwa simu ya maandishi pale posta, iliyolipiwa kwa kuhesabu maneno, ndiyo maana watu waliandika "Baba mgonjwa njoo upesi" na aliyeipokea akaelewa kwamba baba ameshafariki. Au tangazo lilisomwa katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na jirani aliyekuwa na redio ndiye aliyekuja mbio. Redio hiyo ilikuwa ya mwalimu, betri zikichoka zilianikwa juani, na kusikiliza ilikuwa kazi ya watu wengi pamoja. Mwaka 1973 ilipofanyika kampeni ya Mtu ni Afya, wanakijiji walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kama ulikuwamo, andika ulikaa wapi na choo chenu kilichimbwa na nani. Kijana anayesikiliza kila kitu peke yake, amevaa visikilizi masikioni, hapo ataona tofauti ya kweli.

Au ahadi. Mkikubaliana kukutana mnadani Jumamosi, hapakuwa na namna ya kuahirisha. Aliyefika alimngoja mwenzake, na asiyefika alikuwa na jambo zito la kueleza. Mwulize mjukuu wako mara ngapi kwa wiki hupata ujumbe wa "nachelewa kidogo". Usimlaumu, ni kumwonyesha tu kwamba chombo hubadilisha tabia.

Sasa miaka. Kumbukumbu yako haina ugonjwa, Bibi. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30, ila wanakumbuka picha, sauti na mfuatano, si namba ya mwaka. Namba huongezwa baadaye, na mara nyingi inatoka kwa watu wengine. Wewe unasema 1974 pengine kwa kuwa huo ndio mwaka unaotajwa sana nchini pote. Mwalimu Nyerere alitangaza mwishoni mwa 1973 kwamba kuhamia vijijini sasa ni lazima, na mikoa mingi ilihamishwa kati ya mwaka huo na 1976. Kila mtu anapozungumzia Operesheni Vijiji anazungumzia miaka hiyo, nawe umeazima namba yao.

Lakini Dodoma ilitangulia. Operesheni Dodoma ilianza 1971. Na wewe mwenyewe umetoa ushahidi bila kujua: Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na habari hizo mlizisikia mkiwa tayari kijiji kipya. Kwa hiyo mlihama kabla ya Aprili 1972. Umesema pia mlihama baada ya mavuno. Kwenu mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili na mavuno huwa mwezi wa tano na wa sita, basi mavuno ya mwisho kabla ya Karume kuuawa ni ya katikati ya 1971. Ukirudi nyuma kutoka darasa la saba la 1973, mwaka 1971 ulikuwa darasa la tano. Jiulize: mlipohama, ulimwacha mwalimu wa darasa la tano? Kama jibu ni ndiyo, kaka yako ameshinda, na wewe utaandika "kiangazi cha 1971, nikiwa na miaka 14, darasa la tano" bila wasiwasi.

Ndivyo utakavyofanya kwa tukio lolote. Chukua karatasi moja, uandike kushoto miaka kuanzia 1967 hadi 1985, na pembeni yake umri wako. Upande wa kulia weka nguzo zisizotikisika: Azimio la Arusha Februari 1967, Karume Aprili 1972, uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma Oktoba 1973, kuzaliwa kwa CCM tarehe 5 Februari 1977, vita na Idi Amin kuanzia mwishoni mwa 1978, kifo cha Sokoine tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu kung'atuka urais 1985. Halafu kila jambo lako usiliulizie mwaka. Liulizie: kabla au baada? Nilikuwa na mtoto mgongoni au bado? Kadi za kliniki za watoto, vyeti vya ubatizo na cheti cha darasa la saba vina tarehe, vitafute kwanza. Kaka yako akibaki na jibu lake na wewe na lako, andika yote mawili. "Mimi nakumbuka hivi, babu yako mkubwa anasema vile" ni maneno ya mtu mkweli, na kijana huyaamini kuliko tarehe iliyonyooka mno.

Nimekaa sana kwenye kuhama kwa sababu katika kitabu chake cha shule pengine kuna aya chache tu za vijiji vya ujamaa: kwamba vilianzishwa, vilikusudia hiki, vilishindwa kwa sababu kadhaa. Wewe uliona kuta. Mlikaa kwenye tembe, nyumba ndefu ya paa bapa la udongo lililolazwa juu ya miti, imetengana na ya jirani, na mashamba na zizi viko karibu. Mkahamia mahali nyumba zimepangwa mistari. Shule ikawa karibu, jirani akawa karibu, na kuna waliopata zahanati kwa mara ya kwanza. Shamba la zamani, samadi na malisho vikawa mbali. Sehemu nyingine watu walibomolewa nyumba ili wasirudi. Andika la kwenu lilikuwaje: nani alibeba nini, mlango wa tembe mlikwenda nao au mliuacha, bibi yako alisema nini. Kama mama yako alifurahi kuwa karibu na maji na baba yako alinuna kwa ajili ya ng'ombe, sema hivyo hivyo. Neno tembe lifafanue mara moja ndani ya sentensi, kama nilivyofanya hapo juu, maana yeye neno "kutembea" ndilo litakalomjia kichwani.

Bei ningeziacha, au ningezitaja kwa namna nyingine. Ukimwambia kitu kilikuwa senti 50 atacheka na kufikiri maisha yalikuwa rahisi, kwa kuwa anapima kwa shilingi ya mfukoni mwake, ambayo si shilingi ileile kwa thamani. Vipimo viwili vinavusha mto huo salama. Cha kwanza ni kulinganisha kitu kwa kitu: ili kununua doti moja ya kanga, nyumbani mliuza karanga debe ngapi, au kuku wangapi? Kama mbuzi mmoja alilipa sare ya shule ya watoto wangapi, hiyo ni bei ambayo hata leo inaeleweka.

Kipimo cha pili ni muda, na kwa maisha yako ndicho chenye nguvu, kwa sababu sehemu kubwa ya mlichotumia haikupita kwenye fedha kabisa. Tuchukue maji. Debe la bati lilibeba takribani lita 18, yaani kilo 18 kichwani, ukiacha uzito wa bati lenyewe. Kama kisima kilikuwa mwendo wa dakika 40, kwenda na kurudi ni saa moja na dakika 20, bado hujapanga foleni wala kungoja maji yajikusanye shimoni wakati wa kiangazi. Safari mbili kwa siku ni karibu saa tatu kwa lita 36, za nyumba nzima: kupika, kunywa, kunawa. Choo cha kuvuta cha Dar es Salaam humwaga lita 6 hadi 9 kwa mkupuo mmoja. Mwache apige hesabu mwenyewe mara ngapi akivuta atakuwa amemaliza asubuhi yako nzima. Dakika 40 ni mfano wangu; weka za kisima chenu, na kama umesahau, kuna mtu wa rika lako bado anaishi kule ambaye anaweza kukukumbusha.

Ugali nao ni hivyo. Yeye anauona unaanzia kwenye mfuko wa sembe. Wako ulianzia kwenye masuke ya uwele au mtama: kupura, kupepeta, kutwanga kinuni, na kama mashine haikuwapo karibu, kusaga kwenye jiwe mkiwa mmepiga magoti. Andika hatua hizo kwa mpangilio, useme ipi ilikuwa yako na ipi ya mama, na mlianza saa ngapi ili chakula kiwe tayari jioni. Huna haja ya kuongeza kwamba mlikuwa wachapakazi.

Tuje kwenye ndoa.

Kwanza neno lako mwenyewe, "sikuchaguliwa". Mjukuu wako atasoma "alifeli". Mweleze tofauti, kwa sababu ni kubwa. Nafasi za sekondari za serikali wakati ule zilikuwa chache sana: kati ya watoto kumi waliomaliza darasa la saba, aliyeendelea alikuwa mmoja au hata pungufu. Mtu angeweza kufanya vizuri na bado akabaki, kwa kuwa viti vilikwisha. Shule za kata zilijengwa kwa wingi miaka ya 2000, na ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ikaondolewa kuanzia Januari 2016. Yeye yuko kidato cha tatu kwa sababu mlango uliofungwa mbele yako ulipanuliwa. Usimwambie ashukuru, ukieleza hesabu ya viti ataona mwenyewe.

Pili, ndoa yako haikuvunja sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa kuanzia miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na mvulana kuanzia 18. Mambo yamegeuka baadaye sana: Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili anayemwoa mwanafunzi ashtakiwe kwa kosa la jinai. Ninakuambia haya kwa kuwa kijana aliyefundishwa shuleni kwamba ndoa za utotoni ni kosa, akisoma kwamba bibi aliozwa na miaka 16, fikra zake zitaruka moja kwa moja kwa babu. Atamwona babu yake kama mhalifu. Ukimpa sheria ya wakati ule na desturi ya wakati ule, ataweza kushika mambo mawili kwa pamoja: kwamba jambo hilo lilikukata mabawa, na kwamba babu hakuwa mtu mbaya.

Una njia tatu. Kuacha kabisa ni salama kwa babu, lakini barua itabaki na shimo katikati, na siku atakayopiga hesabu ya umri wa mama yake na wako atajua uliruka. Kusema kila kitu, pamoja na machungu ya miaka ya kwanza, kunaweza kukupa wewe nafuu, ila unamtwisha kijana mzigo ambao hana pa kuupeleka, naye anakula meza moja na babu huyo wakati wa likizo. Mimi ningependelea ya katikati: sema umri, sema nani aliamua, sema ulikuwa unataka kuwa nani, na sema siku ile ilivyokuwa hadi jioni. Ya ndani ya ndoa yaache ndani ya ndoa. Neno la "ulikuwa unataka kuwa nani" usiliruke. Kama ulitaka kuwa nesi au mwalimu, sentensi hiyo moja itakaa naye kuliko ukurasa mzima wa shida.

Lakini kabla hujaandika hata mstari wa sehemu hiyo, keti na babu. Habari hii ni yake pia. Mwambie unataka kumwandikia mjukuu, umsomee sehemu inayomhusu, umwulize yeye siku ile aliionaje. Inawezekana naye alioneshwa mchumba na wazee bila kuulizwa, na hukuwahi kujua. Akikataa katakata, barua ya sasa iishie kwenye matokeo ya darasa la saba, na useme wazi: "Yaliyofuata nitakusimulia ukiwa mkubwa kidogo." Mama wa kijana naye asome sehemu hiyo kabla ya mwanawe, asije akaisikia kwa mtoto.

Kuna hali ambayo barua si mahali pake. Kama katika ndoa hiyo kulikuwa na kupigwa au kulazimishwa, au kama ukianza kuandika usingizi unakukimbia, moyo unaenda mbio, unalia bila kuweza kuacha, weka kalamu chini. Zungumza kwanza na mtu mzima ana kwa ana: ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, mshauri au daktari wa afya ya akili hospitalini, au kiongozi wa dini unayemwamini na anayejua kutunza siri. Mjukuu wa miaka 16 asiwe wa kwanza kulisikia. Na kuhusu kusahau: kuchanganya 1971 na 1974 ni kawaida. Ikiwa unasahau sufuria motoni mara kwa mara, au unapotea njia uliyoizoea, hilo lipeleke hospitali, lisihusishwe na barua.

Umbo la barua sasa, kwa ufupi. Kurasa mbili, si sita. Zile sita usizitupe, ni ghala lako. Fungua na jambo moja ulilomwona yeye akifanya, dogo na la kweli, kisha uingie siku moja ya mwaka 1972 kuanzia alfajiri hadi kulala, halafu kuhama au darasa la saba, halafu ile sehemu ya miaka 16. Kama mkono unachoka au macho hayaoni vizuri, mtu akurekodi kwa simu vipindi vya dakika 20, si zaidi, kisha ayaandike kama ulivyosema, na maneno ya Kigogo yabaki mahali pake. Kuandika kwa mkono wako hata aya ya kwanza tu kuna thamani yake, maana mwandiko wako hataupata kwingine. Tumia bolpeni, andika upande mmoja wa karatasi, na uipige picha iwe nakala kabla haijaondoka.

Malizia kwa swali ambalo ni yeye tu anayeweza kulijibu. Usiulize "umejifunza nini?", hilo ni la mwalimu. Uliza kwa mfano: "Wewe ukiwa na miaka 16, ni jambo gani linaamuliwa na watu wengine, nasi tulio wakubwa hatulioni?" Ana majibu, Bibi. Matokeo ya mtihani yanayoamua kila kitu, picha zake kuwekwa mtandaoni na wengine, kazi ambazo hata baada ya kusoma hazipatikani. Ujana wake ni mrefu kuliko wako, lakini kungoja kwake nako ni kurefu.

Barua iwe ndani ya bahasha yenye jina lake, apewe mkononi akiwa peke yake. Isisomwe kwa sauti mbele ya wajomba, na picha yake isitumwe kwenye kundi la ukoo. Kesho yake usimwulize kama ameisoma. Vijana wa umri huo wanaweza kukaa wiki tatu kimya, kisha siku moja mkiwa mnachambua mboga akauliza, "Bibi, hivyo mlango wa tembe mliuacha?" Uwe na jibu la swali hilo, kwa hiyo kazi ya kwanza wiki hii ni kumpigia kaka yako simu, umwambie kuhusu Karume na mavuno ya 1971, na umwulize habari za mlango.